Mdhamini wa mfuko wa pensheni anawajibika kwa nani, na mwanachama apeleke wapi swali lake

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo kila mwanachama wa mfuko wa pensheni angepaswa kuifahamu kabla hajafika siku ya kustaafu. Wastaafu zaidi ya mia moja waliowahi kufanya kazi katika Mamlaka ya Bandari ya Kenya walikuwa wamewashtaki wadhamini wa mfuko wao wa pensheni katika Mahakama Kuu ya Mombasa, wakidai kwamba walilipwa pungufu ya walichostahili. Wadhamini waliposhindwa katika Mahakama ya Rufaa walipanda ngazi ya mwisho, na huko wakafaulu. Jambo la kuzingatia ni sababu ya kufaulu kwao. Mahakama ya Juu haikusema kwamba mafao yalikokotolewa sawasawa, bali ilisema kwamba Mahakama Kuu haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo kwa kuanzia, kwa kuwa Sheria ya Mafao ya Kustaafu imeweka njia ya malalamiko ya aina hiyo, na wastaafu hawakuifuata. Watu wazima waliotumikia bandari kwa miaka mingi walijikuta wametumia nguvu, fedha na muda mwingi mahakamani, na swali lao la msingi likabaki bila jibu la mwisho.

Hukumu hiyo inagusa mambo mawili ambayo wanachama wengi huyachanganya. La kwanza ni nini hasa mdhamini anawajibika kukifanya, kwa sababu asiyelijua hilo huuliza swali ambalo wadhamini hulijibu kwa urahisi bila kueleza chochote. La pili ni mahali pa kulipeleka swali hilo, na kwa utaratibu gani. Nitayaeleza yote mawili kwa kutumia sheria ya Kenya, hususan mifuko inayoanzishwa na waajiri kwa ajili ya wafanyakazi wao. NSSF ina sheria yake yenyewe na haimo katika maelezo haya.

Mfuko wa mwajiri huundwa kwa hati ya udhamini. Mwajiri hutoa fedha, mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara, lakini zikishaingia mfukoni fedha hizo si za mwajiri tena, wala si za mfanyakazi kwa maana ya kwamba anaweza kuzichukua atakapo. Zinakuwa mali ya mfuko, na wanaozishika kisheria ni wadhamini, ambao wanaweza kuwa watu kadhaa au kampuni ya udhamini. Ndiyo maana kampuni ikifilisika wadai wake hawaruhusiwi kugusa mali iliyomo katika mfuko wa pensheni, isipokuwa ile michango ambayo kampuni ilikata na haikuiwasilisha, kwani hiyo haijafika mfukoni na hapo ndipo wanachama wengi hupata hasara.

Wadhamini hupatikana kwa njia mbili: wengine huteuliwa na mwajiri, wengine huchaguliwa na wanachama. Katika mfuko ambao kiasi cha mchango kinajulikana lakini pensheni ya mwisho inategemea faida ya uwekezaji, angalau nusu ya wadhamini lazima wapendekezwe na wanachama. Katika mfuko ambao mwajiri ameahidi pensheni ya kiwango maalumu kulingana na mshahara na miaka ya utumishi, kiwango cha chini ni theluthi moja. Tofauti hiyo ina mantiki yake, kwani katika mfuko wa aina ya kwanza hasara ya uwekezaji humwangukia mwanachama, na katika wa pili mwajiri ndiye anayetakiwa kuziba pengo.

Wadhamini hawafanyi kila kitu kwa mikono yao. Sheria inawataka wamwajiri meneja wa uwekezaji, mtunza mali ambaye ndiye anayeshika hati za hisa, dhamana na mali nyingine za mfuko, msimamizi wa kumbukumbu za wanachama, na mkaguzi wa hesabu. Kazi hizi zimetenganishwa kwa makusudi, ili anayeamua kununua asiwe ndiye anayeshika kilichonunuliwa. Hata hivyo kumwajiri mtaalamu hakumwondolei mdhamini wajibu wake. Anabaki na jukumu la kumchagua kwa uangalifu, kumpima kwa matokeo yake, na kumwondoa asipofaa. Kwa hiyo jibu la kwamba “meneja wa uwekezaji ndiye aliyeamua” halitoshi, na mwanachama ana haki ya kuendelea kuuliza: mlimpa maelekezo gani, na mlimhoji lini?

Wajibu wenyewe umeandikwa katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997. Kwa maneno ya kawaida, wadhamini wanatakiwa kuhakikisha kwamba mfuko unaendeshwa wakati wote kwa kufuata sheria, kanuni za mfuko na maagizo ya Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake RBA. Wanatakiwa pia kuwa na uangalifu wa kutosha ili mfuko uendeshwe kwa maslahi bora ya wanachama na ya mwajiri aliyeuanzisha. Vilevile wanatakiwa kutoa taarifa kwa Mamlaka mapema iwezekanavyo wakiona jambo lisilo la kawaida linaloweza kuhatarisha haki za wanachama, na pia michango inapochelewa kwa zaidi ya siku 30. Wajibu huu wa mwisho ni rahisi sana kuuhakiki. Mwanachama mwenye hati zake za mshahara na taarifa yake ya mwaka anaweza kulinganisha miezi aliyokatwa na miezi iliyoingizwa, na akiona pengo la miezi mitatu, swali lake kwa wadhamini linakuwa moja tu: taarifa mliipeleka RBA tarehe gani?

Juu ya maandishi ya sheria kuna kanuni za udhamini ambazo Kenya ilizirithi kutoka sheria ya Kiingereza, na kubwa kuliko zote ni uaminifu kwa walengwa. Hukumu inayotajwa mara nyingi katika jambo hili ilitolewa Uingereza mwaka 1984, kuhusu mfuko wa pensheni wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Wadhamini walikuwa kumi, watano wa bodi ya makaa ya mawe na watano wa chama cha wafanyakazi. Wale wa chama walikataa mpango wa uwekezaji ikiwa haungepiga marufuku kuwekeza nje ya nchi na katika nishati zinazoshindana na makaa. Jaji aliamua kwamba, haijalishi imani ya mtu au chama kilichompendekeza, akishaketi kwenye kiti cha udhamini analazimika kutanguliza maslahi ya walengwa wa mfuko, na kwa mfuko wa pensheni maslahi hayo kwa kawaida ni ya kifedha. Hukumu hiyo inakata pande zote mbili. Mdhamini aliyechaguliwa na wanachama si mjumbe wa chama cha wafanyakazi aliyetumwa kupigia kura msimamo fulani, na meneja wa rasilimali watu aliyeteuliwa na mwajiri haruhusiwi kukubali jambo kwa sababu tu mkurugenzi wake amelitaka.

Uaminifu huo unatiwa makali na makatazo ya wazi. Kifungu cha 38 kinakataza fedha za mfuko kutumika kumkopesha mtu yeyote, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Pia kinakataza kuweka fedha benki ili mwajiri, wadhamini, wanachama au meneja wapate mikopo kwa riba nafuu. Kuna pia viwango vya juu vya uwekezaji kwa kila aina ya mali: kwa mfano hisa zilizoorodheshwa sokoni zisizidi asilimia 70 ya mfuko, na ardhi na majengo yasizidi asilimia 30. Kila mfuko unatakiwa kuwa na sera ya uwekezaji iliyoandikwa, na kuipitia upya angalau kila baada ya miaka mitatu. Sera hiyo ni waraka muhimu kuliko wanachama wengi wanavyodhani, kwa sababu ndiyo kipimo walichojiwekea wadhamini wenyewe.

Sasa tufike mahali ambapo malalamiko mengi hukwama. Mwanachama huona faida ndogo, au huona mfuko umepata hasara kwenye hisa, akahitimisha kwamba wadhamini wamekosea. Sheria haipimi hivyo. Uamuzi unaweza kuwa halali kabisa na bado ukaleta hasara, kama ambavyo uamuzi uliofikiwa kwa njia mbovu unaweza kubahatika kuleta faida. Kinachopimwa ni kama wadhamini walikuwa na mamlaka ya kufanya walichokifanya chini ya hati na kanuni za mfuko, kama walizingatia mambo yaliyowapasa na kuacha yasiyowapasa, kama walitafuta ushauri pale ujuzi wao ulipoishia, na kama kuna aliyekuwa na maslahi binafsi ambayo hakuyatangaza. Mambo hayo manne huacha alama kwenye karatasi, na mwanachama anayeuliza karatasi hupata zaidi ya anayeuliza kwa nini faida ni ndogo.

Nitachukua mfano wa kubuni, lakini wenye sura ya mambo yanayotokea. Bi Zawadi ni fundi wa maabara, na mfuko wake ni wa aina ile ambayo mchango unajulikana na faida hutegemea uwekezaji. Mwanzoni mwa mwaka akiba yake ilikuwa shilingi 1,850,000. Mwisho wa mwaka wadhamini walitangaza faida ya asilimia 6.5, naye akaongezewa shilingi 120,250 juu ya akiba hiyo ya mwanzo. Katika mkutano mkuu wa mwaka akapewa nakala ya hesabu zilizokaguliwa, na alipofungua ukurasa wa mapato akaona kwamba mfuko mzima, baada ya gharama zote, ulipata asilimia 9.8. Kama angepewa asilimia 9.8, angeongezewa shilingi 181,300. Tofauti ni shilingi 61,050, na hesabu zinasema tofauti ya namna hiyo kwa wanachama wote imepelekwa kwenye akiba ya tahadhari.

Hasira ya kwanza ni kudhani kwamba fedha zimeibwa. Lakini Bi Zawadi akisoma maelezo yaliyo nyuma ya hesabu ataona jambo jingine. Mfuko ulianza mwaka ukiwa na thamani ya shilingi milioni 800, na kati ya hizo milioni 200 zilikuwa kiwanja. Ukiacha michango mipya, ongezeko la mwaka lilikuwa shilingi milioni 78.4. Katika hizo, milioni 54.4 zilitokana na riba za dhamana za serikali, gawio la hisa na kupanda kwa bei za mali zinazouzika sokoni, na milioni 24 zilitokana na mthamini kusema kwamba kile kiwanja sasa kina thamani ya milioni 224. Hakuna aliyekinunua na hakuna shilingi iliyoingia benki. Kwa hiyo faida ambayo mfuko ungeweza kuigawa bila kutegemea kiwanja ilikuwa asilimia 6.8, na wadhamini waligawa 6.5.

Hapo picha inageuka. Kumgawia mwanachama faida ambayo iko kwenye karatasi ya mthamini ni hatari, kwa kuwa anayestaafu mwaka huu atalipwa taslimu kwa ongezeko ambalo huenda lisionekane siku kiwanja kitakapouzwa, na pengo litabebwa na waliobaki. Wadhamini waliozuia sehemu hiyo wanaweza kuwa wamefanya jambo la busara. Lakini upande wa pili nao una uzito: anayestaafu mwaka huu anaondoka bila sehemu yake ya ongezeko la kiwanja ambacho kilinunuliwa kwa michango yake, na kama kitauzwa kwa bei nzuri miaka mitano baadaye, watakaofaidika ni wengine. Wadhamini wanawajibika kwa wote wawili, anayeondoka na anayebaki, na sheria haiwaambii namba kamili ya kugawa. Inachowadai ni kwamba wawe wamelifikiria jambo hilo kwa haki na kwa kumbukumbu.

Swali la Bi Zawadi, basi, likiandikwa vizuri, halitakuwa kwa nini nimenyimwa asilimia 3.3. Mimi ningemshauri aandike hivi: “Naomba nionyeshwe kifungu cha hati ya udhamini au kanuni za mfuko kinachoruhusu kuweka akiba ya tahadhari, na kikomo chake kama kipo. Naomba nakala ya sehemu ya kumbukumbu za kikao ambamo faida ya asilimia 6.5 iliamuliwa, pamoja na ushauri wa kitaalamu uliotumika. Naomba kujua salio la akiba hiyo mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, na kama kuna kiasi kilichotolewa humo, kimetumika kwa jambo gani. Naomba kujua ni nani aliyethamini kiwanja, aliteuliwa na nani, na kama kuna mdhamini aliyetangaza kuwa na uhusiano na muuzaji au mthamini. Naomba pia kujua ni sera gani inayoongoza sehemu ya mwanachama anayeondoka kabla kiwanja hakijauzwa.”

Kila ombi katika barua hiyo linagusa mojawapo ya yale mambo manne ya mamlaka, mazingatio, ushauri na maslahi binafsi. Wadhamini wenye kumbukumbu nzuri wanaweza kuijibu katika wiki moja. Wasiokuwa nazo wataandika kwamba uamuzi ulifanywa kwa manufaa ya wanachama wote, na jibu hilo tupu litakuwa na thamani kubwa baadaye, kwa sababu litaonyesha kwamba mwanachama aliuliza kwa uwazi na hakupewa sababu. Kama kanuni za mfuko hazina kifungu chochote kinachoruhusu akiba ya tahadhari, suala limetoka kwenye busara na kuingia kwenye mamlaka, na hapo hata nia njema haiwasaidii wadhamini.

Barua ielekezwe kwa mwenyekiti wa wadhamini kupitia katibu wa mfuko, iwe na tarehe, namba ya uanachama na uamuzi unaolalamikiwa, na mwandishi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au barua pepe inayoonyesha siku iliyotumwa. Nasisitiza uamuzi mmoja kwa barua moja. Barua inayochanganya faida ndogo, lugha mbaya ya karani na kuchelewa kwa mkutano humpa anayeijibu nafasi ya kuchagua lililo jepesi.

Mkutano mkuu wa mwaka ni uwanja mwingine, nao una nguvu zake na mipaka yake. Humo wadhamini huwasilisha hesabu zilizokaguliwa na taarifa ya uwekezaji, na malipo yao wenyewe huhitaji idhini ya wanachama. Swali likiulizwa mbele ya wanachama wote, na mkaguzi wa hesabu akiwepo, hujibiwa kwa uangalifu zaidi kuliko barua. Lakini mkutano hauwezi kuwaamuru wadhamini wagawe faida fulani au wauze kiwanja, kwa kuwa wao ndio wenye mamlaka ya kuamua na ndio watakaobeba lawama. Kura ya mkono inayosema “tunataka asilimia 9.8” haibadilishi kitu kisheria. Kilicho na faida ni kuhakikisha kwamba swali na jibu vimeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na kuwasilisha swali kwa maandishi siku kadhaa kabla ili wadhamini wasiseme kwamba takwimu hawakuja nazo.

Wadhamini wakikataa kutoa nyaraka, mwanachama hana sababu ya kukata tamaa mara moja. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizoko serikalini, na pia zilizoko kwa mtu mwingine pale zinapohitajika ili kutekeleza au kulinda haki fulani. Sheria ya mwaka 2016 iliyotungwa chini ya ibara hiyo inaweka muda wa siku 21 kwa ombi kushughulikiwa, na inampa aliyenyimwa njia ya kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Katika ombi la namna hii ni muhimu kuitaja haki inayolindwa, yaani haki ya kujua jinsi mafao yake yalivyokokotolewa, wala si kusema tu kwamba mtu anataka kujua. Kuna nyaraka ambazo wadhamini wanaweza kuzizuia kwa sababu za msingi, kama taarifa binafsi za wanachama wengine, na ombi linalokiri hilo tangu mwanzo hukubalika kwa urahisi zaidi.

Jibu lisiporidhisha, hapo ndipo panapoanza njia ambayo wastaafu wa bandari hawakuipitia. Kifungu cha 46 kinasema kwamba mwanachama asiyeridhika na uamuzi wa meneja, msimamizi, mtunza mali au wadhamini anaweza kumwomba kwa maandishi Afisa Mkuu Mtendaji wa RBA aupitie uamuzi huo, kwa lengo la kuhakikisha kwamba umefuata kanuni za mfuko au sheria inayohusika. Nakala ya ombi lazima ipelekwe kwa wale wanaolalamikiwa. Sharti hili la nakala watu hulisahau, ingawa ni la lazima na pia ni la haki, kwa kuwa upande wa pili unatakiwa kujua unajibu nini.

Maneno ya kifungu hicho yanaonyesha pia mpaka wake. Afisa Mkuu Mtendaji hakai kwenye kiti cha mdhamini ili aamue kama asilimia 6.5 ilikuwa bora kuliko 7. Anachotazama ni kama uamuzi umefuata kanuni na sheria. Mwanachama anayekwenda huko na hoja ya “wangeweza kufanya vizuri zaidi” atarudi mikono mitupu. Anayekwenda na kifungu cha kanuni za mfuko, uamuzi uliofanywa, na maelezo mafupi ya mahali viwili hivyo visipolingana, ana ombi linaloweza kuamuliwa. Kwa Bi Zawadi, hoja yenye nguvu ingekuwa kwamba kanuni haziruhusu akiba hiyo, au zinairuhusu hadi kikomo ambacho kimepitwa, au kwamba sera ya wanaoondoka haipo kabisa na hivyo jambo lililowapasa wadhamini kulizingatia halikuzingatiwa. Aseme pia anataka nini: uamuzi ubatilishwe, ufanywe upya kwa kuzingatia jambo fulani, au alipwe kiasi alichokikokotoa na kukionyesha.

Kuna aina moja ya uamuzi ambayo njia hii huifaa sana, nayo ni mgawanyo wa mafao ya mwanachama aliyefariki. Kifungu cha 36A kinasema mafao hayo hayaingii katika mirathi, bali hulipwa na wadhamini kwa kufuata kanuni za mfuko. Familia nyingi hufika na hati ya usimamizi wa mirathi zikidhani imemaliza kazi, kisha hushangaa wadhamini wakiwalipa watu wengine. Fomu ya uteuzi ambayo marehemu aliijaza miaka kumi na tano iliyopita, kabla ya ndoa ya pili na watoto wawili wa mwisho, ndipo ugomvi huanzia. Pale ambapo kanuni zinawaachia wadhamini hiari, maswali ni yale yale: je, waliwatafuta wategemezi wote, waliangalia hali ya kila mmoja, au walinakili tu fomu ya zamani? Mgawanyo unaompa mjane kidogo unaweza kusimama ukiwa na sababu zilizoandikwa, na ule unaompa nusu unaweza kuanguka ikiwa mtoto mmoja hakuwahi kujulikana kwa uzembe wa kutouliza.

Asiyeridhika na uamuzi wa Afisa Mkuu Mtendaji ana siku 30, tangu siku aliyoupokea, za kukata rufaa kwenye Jopo la Rufaa lililoundwa na sheria hiyo hiyo. Mwenyekiti wake lazima awe wakili mwenye uzoefu, na jopo husikiliza pande zote mbili na kupokea ushahidi. Siku hizo huhesabiwa kuanzia kupokea, kwa hiyo bahasha yenye muhuri wa posta au barua pepe yenye tarehe si kitu cha kutupa. Wazee wengi hupoteza haki hapa wakisubiri mtoto aje likizo awasomee barua, na ningependa kila anayeshughulika na wastaafu awasisitizie jambo hili moja kabla ya mengine yote.

Mahakama inabaki kuwepo, ila nyuma ya hatua hizo. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 inaielekeza mahakama isipitie uamuzi wa kiutawala kabla njia zilizowekwa na sheria hazijamalizwa, na inaruhusu msamaha katika hali za kipekee, kwa maombi ya mhusika mwenyewe. Mtu anayetaka msamaha huo anatakiwa kueleza kwa nini njia ya RBA na Jopo haiwezi kumsaidia kwa vitendo, kwa mfano pale ambapo jopo halina wajumbe na mali ya mfuko iko mbioni kuuzwa. Kusema tu kwamba mahakama ina nguvu zaidi, au kwamba wanalalamika watu wengi kwa pamoja, hakutoshi. Wastaafu wa Mombasa walikuwa wengi, na wingi wao haukubadilisha mlango waliopaswa kuanzia.